Rekodi ya masikio mawili ikigoma kutoka kichwani: dalili na visababishi

Ukirekodi kwa maiki mbili ndogo zilizokaa milangoni mwa matundu ya masikio, unachotaka ni kimoja: atakayesikiliza kwa hedifoni asikie mlango ukifungwa pale ulipofungwa, nyuma ya bega lake la kushoto, si ndani ya fuvu lake. Hilo lisipotokea, watu hukimbilia kulaumu maiki na kuanza kutafuta nyingine za bei kubwa. Mara nyingi maiki haina kosa. Sauti iliyoingia vizuri masikioni mwa mrekodi hupitia waya, kinasa, faili, programu, simu na hedifoni kabla ya kumfikia msikilizaji, na popote njiani humo tofauti kati ya sikio la kushoto na la kulia inaweza kufutwa. Ndiyo maana mwongozo huu unatafuta kosa kinyumenyume: unaanza kwa msikilizaji na kurudi hadi kwenye maiki.

Tofauti yenyewe ni ndogo sana. Kwa kichwa cha mtu mzima wa wastani, sauti inayotoka kulia kabisa hulifikia sikio la kulia kama milisekunde 0.65 kabla ya la kushoto. Kwenye rekodi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, hizo ni sampuli 31 hivi. Sauti iliyo nyuzi 30 kutoka katikati hutangulia kwa sampuli 12 au 13 tu. Ubongo hutegemea muda huo hasa kwa sauti nzito, zilizo chini ya hezi 1,500 hivi. Kwa sauti nyembamba hutegemea kivuli cha kichwa, ambacho kwenye masafa ya juu kinaweza kulipunguzia sikio la upande wa pili hata desibeli 20. Mwanafizikia Lord Rayleigh alikwisha kuyaeleza hayo mawili mwaka 1907. La tatu ni mikunjo ya sikio la nje. Kuanzia kilohezi 5 hivi kwenda juu, mikunjo hiyo hukata na kukuza masafa tofauti kulingana na sauti inakotoka, na bila hiyo mbele na nyuma, juu na chini, havitenganishiki. Muda, kivuli na mikunjo: kila dalili iliyo hapa chini inaonyesha kipi kati ya hivyo kimeharibika, na mahali pa kwenda kutazama.

Kabla ya yote: rekodi ya kipimo

Usichunguze kosa kwenye rekodi uliyoipenda ya sokoni au ya msituni. Humo hujui kitu gani kilikuwa wapi, kwa hiyo huna cha kulinganisha nacho. Rekodi kipimo cha dakika moja. Simama chumbani kwenye utulivu, maiki masikioni, kichwa kimetulia, kinasa kikiandika WAV ya stirio kwa sampuli 48,000. Mtu mwingine asimame mbele yako umbali wa mita moja na nusu hivi, aseme "mbele", apige kofi moja kwenye usawa wa masikio yako. Aende kulia kwako afanye vivyo hivyo, kisha nyuma, kisha kushoto. Baada ya hapo atikise rundo la funguo akilipitisha polepole kutoka mbele ya uso wako, juu ya utosi, hadi kisogoni. Mwishoni nyote mkae kimya sekunde 20.

Ukimya huo una kazi yake, tutaufikia. Na maneno "kulia" na "kushoto" yana kazi ya papo hapo: ukisikia "kulia" upande wa kushoto, umebadilisha maiki, umevaa hedifoni kinyume, au plagi zimebadilishana. Hilo ni la dakika moja kulirekebisha, lakini bila maneno hayo mtu anaweza kukaa na rekodi zilizogeuzwa muda mrefu bila kutambua, maana ulimwengu uliogeuzwa kushoto-kulia unasikika sawa kabisa ukiwa hukuwapo.

Kila kitu kipo katikati ya kichwa

"Mbele", "kulia", "nyuma" na "kushoto" zote zinatoka mahali pamoja, katikati ya masikio. Hii ni mono. Si mono ya karibu, si stirio dhaifu. Chaneli mbili zimechanganywa zikawa moja, na swali ni wapi.

Anzia kwenye simu au kompyuta ya msikilizaji. Kwenye mipangilio ya usaidizi kwa wenye matatizo ya kusikia kuna swichi ya `Mono audio`, na huwa imewashwa na mtu aliyesahau zamani. Kisha tazama hedifoni za Bluetooth. Programu yoyote ikifungua maiki ya hedifoni hizo, kwa mfano programu ya mikutano iliyoachwa wazi nyuma, hedifoni huhamia hali ya kupigia simu, na hali hiyo kwa kawaida ni mono yenye sauti iliyobanwa. Ukisikia ubora umeshuka ghafla kama wa simu, ndiyo hiyo. Funga programu, au tumia hedifoni za waya wakati wa kuchunguza. Na ikiwa msikilizaji alipokea rekodi kama ujumbe wa sauti badala ya faili, usitafute zaidi: ujumbe wa sauti hutengenezwa kwa ajili ya kusema, na stirio haihesabiwi humo.

Kama kwa msikilizaji kote ni safi, lihoji faili. Kuona mistari miwili ya mawimbi kwenye skrini hakuthibitishi stirio, kwa sababu faili linaweza kubeba chaneli mbili zinazofanana kabisa. Kwa programu ya ffmpeg, toa chaneli moja kutoka kwa nyingine uone kinachobaki:

```
ffmpeg -i kipimo.wav -af "pan=mono|c0=0.5*c0-0.5*c1,volumedetect" -f null -
```

Ukisoma `mean_volume: -91.0 dB`, hakuna kilichobaki. Chaneli ni nakala, na mono ilitokea kabla au wakati wa kurekodi. Ukipata namba ya kawaida, tuseme -45, stirio ipo ndani ya faili na kosa liko kwa msikilizaji.

Mono ya wakati wa kurekodi ina chanzo kimoja kinachowapata karibu wote wanaoanza. Tundu la hedifoni la simu, lile la plagi yenye migusano minne, lina njia mbili za kutoa sauti na njia moja tu ya kuingiza. Maiki zako mbili ukizichomeka humo kwa adapta, zinaungana kwenye njia hiyo moja. Hakuna programu wala mpangilio utakaozitenganisha. Unahitaji kinasa chenye tundu la maiki la stirio, la plagi yenye migusano mitatu, au kifaa cha USB chenye ingizo la stirio. Vipokezi vya maiki zisizo na waya navyo vina hali ya kuchanganya maiki mbili, na vingi hutoka kiwandani vikiwa katika hali hiyo. Tafuta kitufe cha kuzitenganisha.

Kushoto na kulia zipo, lakini "mbele" haina mahali

Hapa makofi ya pembeni yako pembeni, lakini sauti ya mbele imesambaa, besi imekonda, na unahisi kitu kinakuvuta masikio kutoka ndani. Wengine hupata kizunguzungu kidogo. Hiyo ni polariti iliyogeuzwa: wakati maiki moja inaandika wimbi likipanda, nyingine inaliandika likishuka. Huwapata zaidi waliounganisha maiki wenyewe, nyaya mbili za kapsuli moja, kile kijisehemu cha maiki kinachonasa sauti, zikabadilishana kwenye kuchomelea.

Ithibitishe kwa kofi la mbele. Kuza mawimbi mpaka uone mwanzo kabisa wa kofi. Kwenye rekodi isiyo na kosa, chaneli zote mbili huanza kuelekea upande mmoja. Zikianza moja juu na nyingine chini, umepata. Kwenye Audacity tenganisha stirio, chagua chaneli moja, tumia `Invert`, ziunganishe tena. Neno "mbele" litajikusanya mara moja. Rekodi za zamani zote zinaokoka hivyo bila hasara yoyote. Kisha chomelea waya upya, maana utasahau.

Picha nzima imeegemea upande mmoja

Hili linastahili kukaa nalo, kwa sababu visababishi vyake vinafanana kwa sikio lakini vinaachana kwa vipimo.

Mwenzangu mmoja katika kurekodi aliniletea kipimo chake. "Kaka, kila anayesema mbele yangu anasikika kama amesimama kulia," akasema. "Nimeshageuza hedifoni, upande unahama nazo." Hapo alikuwa amefanya jambo la maana bila kuambiwa. Ukigeuza hedifoni, kushoto kwenda kulia, na sauti ikahamia upande wa pili, basi kosa liko kwenye rekodi au kwenye hedifoni zenyewe, na vipimo vya faili ndivyo vitakavyoamua. Ingebaki upande uleule, kosa lingekuwa kwenye sikio lake, maana masikio ya mtu mmoja mara nyingi hayasikii sawa.

Tulitazama kwanza muda. Tulikuza kofi la mbele na kuhesabu sampuli kati ya mwanzo wa kulia na mwanzo wa kushoto: sifuri. Kofi la kulia lilitangulia kulia kwa sampuli 31, la kushoto likatangulia kushoto kwa 31. Kwa hiyo kichwa kilikuwa kimenyooka na mpigaji alisimama katikati. Kama kofi la mbele lingetangulia kulia kwa sampuli 8, tungejua kwamba alikuwa amegeuza kichwa kushoto kama nyuzi 19, na kwamba rekodi ilikuwa ya kweli. Asiyenyooka angekuwa yeye.

Muda ulipokuwa sawa, tukatazama ukubwa. Amri hii hutoa vipimo vya kila chaneli peke yake:

```
ffmpeg -i kipimo.wav -af astats -f null -
```

Ila usiipime rekodi yote, kwa sababu mtu anaweza kuwa alisimama upande mmoja muda mrefu zaidi. Ziweke maiki mbili zikigusana, mbali na kichwa, mita moja mbele ya spika inayotoa mchemko wa sauti usiobadilika, "shhh" isiyokatika, rekodi sekunde 20, upime hiyo. Mstari wa `RMS level dB` ulisoma -31.2 kulia na -35.1 kushoto. Tofauti ya desibeli 3.9, na desibeli moja tu inatosha kuisogeza picha kwa msikilizaji makini.

Sasa ni maiki, au ni kinasa? Tulibadilishana: maiki ya kulia ikaingia njia ya kushoto. Udhaifu ulihama na maiki. Kama ungebaki kwenye chaneli ya kushoto, kosa lingekuwa la kinasa au la tundu lake. Jibu la haraka, na wengi huishia hapo, ni kuongeza desibeli 3.9 kwenye chaneli dhaifu. Tulijaribu. Sehemu nzito ya sauti ya mtu ikakaa katikati, lakini herufi "s" na mlio wa funguo viliendelea kuvuta kulia. Maiki yenye usikivu mdogo tu hupungua kwa kiasi kinachokaribiana kwenye masafa yote. Hii ilikuwa imepungua zaidi juu kuliko chini. Maana yake kuna kitu kimeziba. Tulipovua sifongo kidogo kilichofunika kapsuli, kilikuwa kimejaa nta ya sikio. Sifongo kipya kilipowekwa, kipimo kilekile kilisoma tofauti ya desibeli 0.6, na hiyo ndiyo tuliyoirekebisha kwa programu.

Nta haikosekani kwenye kazi hii. Futa maiki kwa kitambaa kikavu kila baada ya kurekodi, wavu wake ukielekea chini, na usiweke kimiminika chochote kwenye tundu la kapsuli.

Picha iko sawa mwanzoni, kisha inateleza

Sekunde chache za kwanza kila kitu kipo mahali pake. Kabla dakika moja haijaisha "mbele" imekuwa kulia. Dakika ya kumi hakuna mahali tena, kuna mwangwi. Karibu kila mara mtu huyu ametumia maiki mbili za USB, au vinasa viwili vidogo, kimoja kila sikio, kisha akaviunganisha kwenye programu.

Kila kifaa kina saa yake ya ndani, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawa. Tofauti ya sehemu 20 katika milioni ni ya kawaida kwa vifaa vya namna hii. Piga hesabu: ndani ya sekunde 60 hiyo ni milisekunde 1.2, karibu mara mbili ya tofauti yote ambayo kichwa cha binadamu kinaweza kutoa. Sauti iliyokuwa katikati inakuwa imeshafika kulia kabisa ndani ya nusu dakika na ushei. Ukipiga kofi mwanzoni na lingine mwishoni unaweza kunyoosha faili moja lifanane na jingine, na kwa filamu ya kawaida hilo linatosha, lakini hapa unatafuta usahihi wa sampuli chache, na saa hazitelezi kwa mwendo ulionyooka. Ushauri wangu ni kutoipigania rekodi hiyo. Maiki zote mbili ziingie kwenye kifaa kimoja chenye saa moja.

Pembeni ni safi, lakini hakuna kinachotoka nje ya kichwa

Makofi ya kulia na kushoto yako sawa, muda ni sampuli 31, ukubwa umelingana, polariti ni nzuri, na bado ulimwengu wote umebanwa kwenye mstari kati ya masikio mawili. Sikiliza funguo. Zikipita juu ya utosi, rangi ya mlio wao inapaswa kubadilika njia nzima. Kama mlio ni uleule kutoka mbele hadi kisogoni, mikunjo ya sikio haikuandikwa.

Sababu kubwa ni mahali pa maiki. Maiki iliyoning'inia sentimita mbili nje ya sikio, au iliyobanwa kwenye mkono wa miwani, huona kivuli cha kichwa na muda, lakini haioni mikunjo. Inatoa stirio nzuri sana, na kwa muziki wa jukwaani huenda ndiyo unayoitaka, ila sauti haitapanda wala kwenda nyuma. Maiki inapaswa kukaa kwenye mlango wa tundu la sikio, uso wake ukiwa sawa na mlango huo, ikitazama nje. Na usilijaze bakuli la sikio kwa sifongo kikubwa cha kuzuia upepo: lile shimo lililo mbele ya tundu ni sehemu ya mikunjo inayofanya kazi, na likijaa, sikio linageuka kuwa ukuta bapa.

Tazama pia kina cha pande mbili. Funguo zikipita juu zinapaswa kubaki katikati. Zikiyumba kulia kisha kushoto njiani, maiki moja imezama zaidi ya nyingine. Mtu akutazame kwa mbele na kwa pembeni kabla ya kurekodi, au jipige picha kila sikio.

Maiki ikisukumwa ndani mno kuna tatizo la upande wa pili. Tundu la sikio lenyewe hukuza masafa ya karibu na kilohezi 3. Maiki iliyozama inaandika ukuzaji huo, kisha tundu la msikilizaji linaukuza tena, na sauti inatoka kali kama bati. Hata maiki iliyokaa vizuri huweza kusikika kali kidogo, kwa kuwa watengenezaji wa hedifoni nyingi huinua masafa hayohayo ili muziki wa kawaida usikike wa asili. Punguza kwa upana, desibeli 3 hadi 5 kuzunguka kilohezi 3 au 4, kiasi kilekile kwenye chaneli zote mbili, kisha jaribu kwa hedifoni zaidi ya aina moja kabla ya kuridhika.

Halafu kuna kosa lisilo lako. Simu na kompyuta nyingi siku hizi zina kiboreshaji cha sauti ya pande zote kwa hedifoni. Kiboreshaji hicho huchukua stirio ya kawaida na kuipitisha kwenye kichwa cha kubuni. Rekodi yako imeshapita kwenye kichwa halisi. Ikipitishwa kwenye cha pili, alama za mikunjo zinavurugika na sauti inapata mwangwi wa chumba ambacho hakikuwapo. Mwambie msikilizaji akizime. Spika nazo hazifai kwa kuipima rekodi hii, kwa sababu kila sikio husikia spika zote mbili.

"Mbele" inasikika nyuma

Unaweza kufanya yote yaliyotangulia na bado watu wakakuambia kwamba aliyesema "mbele" amesimama kisogoni mwao, au juu ya paji la uso. Hapa acha kutafuta kosa, maana huenda halipo. Sauti ya mbele kabisa na ya nyuma kabisa hufika kwenye masikio mawili kwa muda na ukubwa uleule. Kinachozitenganisha ni mikunjo, na mikunjo yako si ya msikilizaji. Kinachozitenganisha kingine ni kugeuza kichwa, na kwenye rekodi kichwa cha msikilizaji kikigeuka ulimwengu wote unageuka nacho, kwa hiyo hakimpi habari yoyote.

Kipimo chake ni rahisi: sikiliza mwenyewe. Kama wewe unaisikia mbele na wengine nyuma, maiki ziko sawa na umefika mwisho wa kinachowezekana kwa masikio yako juu ya kichwa cha mwingine. Kama hata wewe unaisikia nyuma, rudi kwenye sehemu ya mahali pa maiki.

Unachoweza kufanya ni kupanga tukio. Jambo muhimu lisimame mbele-pembeni, nyuzi 30 au 40, ambako muda na kivuli vinasaidia. Au lianze pembeni na kuja mbele huku linaendelea kulia, maana sikio likishashika njia ya mwendo haliiachi kirahisi. Na mrekodi atulize shingo. Kila ukigeuka kutazama kitu, msikilizaji aliyeketi anasikia dunia nzima ikizungushwa.

Kelele

Sasa ule ukimya wa sekunde 20. Tazama ukubwa wake mara tu baada ya sauti ya mwisho. Kama mchemko wa chini unaanza ukiwa mdogo kisha unapanda taratibu kwa sekunde kadhaa, kinasa kinajirekebisha chenyewe. Zima kila kinachoitwa `AGC`, `Auto Level`, kizuizi cha kelele au kibanaji. Vingine hurekebisha kila chaneli peke yake: gari likipita kulia, kulia kunabanwa, kushoto kunaachwa, na kivuli cha kichwa kinafutwa wakati ndipo kinapohitajika. Weka kiwango kwa mkono, sawa pande zote, kelele kubwa zaidi unayoitarajia ifike kama desibeli -12.

Mchemko mkubwa usiobadilika, na sauti dhaifu mno juu yake, mara nyingi ni maiki isiyopata umeme. Kapsuli hizi huhitaji volti chache, kati ya 2 na 5 hivi, zinazotoka kwenye tundu la maiki la kinasa, na mara nyingi kuna mpangilio wa kuziwasha, `Plug-in Power`. Huo si ule umeme wa `48V` wa maiki za studio. Ukiupeleka huo moja kwa moja kwenye kapsuli bila adapta ya kuupunguza, unaweza kuiua. Kama umeme upo na mchemko unabaki, ni udogo wa kapsuli. Kapsuli ya upana wa milimita 10 iliyotengenezwa vizuri inaweza kuwa na kelele yake ya desibeli 14 tu; zile ndogo zinazoingia vizuri kwenye mlango wa sikio huwa na zaidi. Sauti za usiku wa kimya kabisa zitakuwa na mchemko, na utachagua kati ya kimya na mahali.

Mkwaruzo unaofuata hatua zako ni waya unaosugua kola. Upitishe nyuma ya sikio, uufanyie kitanzi kilicholegea, uubandike shingoni kwa plasta. Mguno wa kumeza mate na pumzi za puani huondoka kwa kupumua kwa mdomo uliofunguka kidogo.

Upepo una nguvu zaidi kwenye masafa ya chini, na kila sikio hupata wake, kwa hiyo husikika ukipigana kushoto na kulia. Kikofia chembamba cha manyoya juu ya kila maiki, kisichojaza bakuli la sikio, husaidia kuliko sifongo. Kilichobaki kata kwa programu kuanzia hezi 80 au 100 kwenda chini, chaneli zote mbili kwa pamoja na kwa kichujio kilekile. Kusafisha kwa programu ya kuondoa kelele ni jambo la mwisho, na ukilifanya, hakikisha haishughulikii kila chaneli kivyake, kwa sababu itafuta mchemko wa kulia kwa namna moja na wa kushoto kwa namna nyingine, kisha "kulia" na "kushoto" vya kipimo vianze kutetemeka mahali pake.